Niambie mwenyewe, tena mapema

Swali la wiki: "Rafiki zako wanashika mimba mmoja baada ya mwingine, nawe bado unasubiri. Wivu na huzuni unavimudu vipi?"

Wivu ninao, wala sioni haya kuuandika, ila sijapata kuombea mimba ya mwenzangu iharibike. Ninachotaka ni kuipata yangu. Natanguliza hili kwa sababu hapa kwetu Tanga mwanamke ambaye hajajaaliwa mtoto hushukiwa kuwa na kijicho, na mjamzito huonywa na wakubwa zake asimwambie kitu mpaka tumbo lijitokeze lenyewe. Kufichwa huko huniuma kuliko habari yenyewe. Rafiki yangu wa tangu shule alinificha, nami nikaja kujua katika kikundi cha WhatsApp cha kumwandalia sherehe, pale mweka hazina alipoorodhesha majina ya ambao hawajatoa mchango. Ikanilazimu kuandika pongezi papo hapo, huku nikijua kwamba wote waliomo wanangoja kuona nitasema nini.

Shoga yangu mwingine alinitumia ujumbe usiku, kabla hata hajawaambia wakwe zake: "Nina mimba. Najua itakuuma. Usinijibu leo." Nililia nikamaliza, na kesho yake nikampigia kumpongeza kwa moyo mweupe. Wote wawili walikuwa na habari moja, lakini huyu wa pili alinipa nafasi ya kuhuzunika bila kutazamwa usoni.

Halafu kuna siku zenyewe za mwezi. Katika wiki mbili hivi baina ya yai kupevuka na hedhi kuanza, homoni ya projesteroni hupanda, uwe umeshika mimba au hukushika, nayo huweza kuleta matiti kuuma, tumbo kujaa na uchovu, yaani mambo yaleyale anayoyasimulia mjamzito wa wiki za mwanzo, kwa hiyo mwanamke anayesubiri hawezi kuzipima dalili hizo kwa kuzihisi tu. Kila mwezi nahesabu, natumaini, kisha damu inatoka. Habari ya mimba ya mtu ikinikuta siku hiyo huwa nimefiwa, na hakuna wa kunipa pole kwa kuwa hakuna aliyeuona msiba. Siku hizo sifungui picha za ultrasaundi ambazo watu huziweka kwenye simu zao. Mume wangu ndiye hunisomea ujumbe wa vikundi na kunieleza ya lazima tu. Naye ana sehemu yake katika kusubiri huku, ingawa mawifi hawataki kusikia kwamba kipimo cha mbegu za mwanamume ni miongoni mwa vipimo vya mwanzo kabisa.

Sherehe za kumtunza mjamzito siendi tena, na rafiki zangu wa karibu nimewaeleza sababu. Mchango natuma kwa simu, na mtoto nakwenda kumwona arobaini ikiisha, wageni wakiwa wamepungua, ili nikitokwa na machozi nimpakate hivyohivyo na mama yake asihitaji kumweleza mtu yeyote.