Chini ya picha ya vazi, andika ni sehemu gani iliyotengenezwa na akili mnemba

Kwenye kazi yangu ya mwisho ya somo la ubunifu wa mavazi niliwasilisha picha nne za gauni moja. Gauni lenyewe nililishona kwa mikono yangu, kitambaa cha mistari iliyolala, mkono mfupi, na mwanafunzi mwenzangu ndiye aliyelivaa nikampiga picha. Siku mbili kabla ya kuwasilisha nikaanza kuona kwamba mkono mrefu uliojaa begani ungependeza zaidi. Muda wa kukata na kushona upya sikuwa nao. Nikafungua programu ya kuhariri picha, nikapaka eneo la mkono kwa kidole, nikaandika maagizo ya mstari mmoja, na baada ya sekunde chache mkono mrefu ukatokea. Ulipendeza sana. Nikauweka kwenye picha tatu kati ya zile nne na sikuandika neno lolote.

Mwalimu aliikuza picha ya tatu ukutani, akasogea karibu, akauliza: "Hapa begani mistari umeilinganishaje?"

Anayeshona atalielewa swali hilo mara moja. Kichwa cha mkono hukatwa kwa mviringo, na kwa kawaida mzingo wake huwa mrefu kidogo kuliko tundu unaposhonewa, ndiyo maana fundi huukusanya taratibu anapouunga. Kwa sababu hiyo, mistari iliyolala inaweza kukutana vizuri upande wa mbele kwa sehemu fulani, lakini haiwezi kukutana kuzunguka bega zima. Na mkono uliojaa begani ndio kabisa: ukikusanya kitambaa, mistari inajikunja pamoja nacho. Kwenye picha yangu mistari ilitoka kifuani, ikavuka mshono, ikaendelea mkononi bila kukatika popote. Lilikuwa vazi lisiloweza kushonwa.

Nilisema ukweli pale pale mbele ya darasa. Alinipa alama za gauni la mkono mfupi, akaziondoa zile picha tatu kwenye tathmini, kisha akaniambia niandike upya maelezo ya kazi nzima. Hayo maelezo ya pili ndiyo yaliyonifundisha ninachotaka kuwaambia leo.

Rasimu ya kwanza niliandika: "Baadhi ya picha zimehaririwa kwa akili mnemba." Alinirudishia. Alisema sentensi ile haimsaidii kujua akadirie nini na aache nini. Alikuwa sahihi. Picha ya vazi inamwambia mtazamaji mambo mengi kwa pamoja: umbo la vazi, namna kitambaa kinavyoanguka, rangi, mishono, na jinsi linavyomkaa aliyelivaa. Programu ya kuhariri haijui uzito wa kitambaa wala haina kipimo cha mwili. Inachofanya ni kuliondoa eneo ulilopaka, na wakati mwingine hata sehemu za nje yake, na kulijaza upya kwa kitu kinachofanana na picha nyingi ilizofunzwa nazo. Hata zile programu za kumvalisha mtu nguo kwenye picha hufanya hivyo hivyo: zinachora nguo juu ya mwili, na karibu kila mara itaonekana imemkaa, hata kama nguo halisi isingefunga kifungo.

Kwa hiyo maelezo ya kweli yanataja mambo matatu: kipi ni halisi, kipi kimebadilishwa na kwa programu ipi, na kipi mtazamaji asikitegemee. Hivi ndivyo nilivyoandika mara ya pili, chini ya picha yenyewe:

"Gauni, kitambaa na mvaaji ni halisi. Mkono mrefu umetengenezwa kwa akili mnemba (jina la programu, tarehe). Gauni nililoshona lina mkono mfupi, tazama Picha ya 1. Picha hii ni wazo la muundo. Haionyeshi mshono wa bega wala mistari itakavyolingana."

Ni sentensi chache tu, na ukizisoma unajua kabisa unachokitazama. Tangu hapo kila picha iliyobadilishwa naiweka pamoja na ile ya asili, hata ikiwa ndogo pembeni.

Je, kila mguso uandikwe? Kwangu mpaka uko hivi. Nikikata kingo za picha au nikiongeza mwanga, sisemi, isipokuwa masharti ya kazi yanataka. Nikibadilisha chochote ambacho anayetazama atakitumia kuamua, yaani umbo, kitambaa, rangi, mshono au mwili wa mvaaji, nasema. Rangi inawaponyoka watu wengi kwa sababu inaonekana jambo dogo, kumbe ndiyo inayoleta hasara kazini.

Kazini nilipewa jukumu la kupendekeza sare mpya. Nilikuwa na sampuli moja tu ya shati, ya bluu. Zile rangi nyingine tatu nilizipata kwa kuhariri. Safari hii niliandika juu ya kila slaidi, ndani ya picha: "Rangi imebadilishwa kwa akili mnemba. Shati lililopo ni la bluu. Usiagize kitambaa kwa kufuata rangi hii." Niliandika ndani ya picha kwa makusudi. Ukiweka tamko moja kwenye slaidi ya mwisho, mtu atakata slaidi ya nne peke yake, ataituma kwa mwenzake, na tamko lako litabaki nyuma. Pia nilitamka kwa mdomo nilipofika kwenye slaidi hizo, maana wengi hutazama picha na hawasomi maandishi madogo.

Usitegemee faili likusemee. Ni kweli kwamba baadhi ya programu huandika ndani ya faili taarifa za uhariri, kwa mfano thamani hii ya kiwango cha IPTC, shirika linaloweka viwango vya taarifa zinazoandikwa ndani ya picha, kwa picha halisi iliyochanganywa na sehemu zilizozalishwa:

```
compositeWithTrainedAlgorithmicMedia
```

Lakini piga skrinishoti, au tuma picha kwa programu ya ujumbe inayoibana, na taarifa hizo mara nyingi zinapotea. Mimi naziweka kwenye jina la faili pia, `shati_asili.jpg` na `shati_AI_rangi.jpg`, na maagizo niliyoandika nayahifadhi kwenye folda hiyo hiyo. Nikiulizwa miezi mitatu baadaye, nina jibu.

Kuna mambo mawili ambayo tamko haliyatatui. La kwanza, kama masharti ya kazi yanakataza akili mnemba, kutamka hakukupi ruhusa. Muulize mwalimu au msimamizi kabla hujaanza. La pili ni mtu aliye kwenye picha. Mwenzangu yule wa gauni aliponiona nimembadilisha mkono alinyamaza kidogo, kisha akasema programu ilikuwa imempunguza na kiuno. Mimi sikuwa nimegundua hata kidogo, maana nilikuwa nimepaka eneo la mkono tu. Siku hizi namwonyesha mvaaji picha zote mbili kwanza, ya asili na iliyohaririwa, na akikataa siitumii.

Kwenye kikao cha sare, mkuu wa idara aliipenda rangi ya kijani. Akasoma maandishi yaliyo juu ya picha, kisha akaomba vipande vya kitambaa cha kijani viletwe vitazamwe kabla ya uamuzi. Vilipofika, kijani chenye uzito wa shati letu kilikuwa cheusi zaidi kuliko kile cha kwenye slaidi. Wakachagua bluu.