Baiti nne tu ndo zinabadilika

"Kaka shikamoo, nipo Masasi. Nimeandika AES ya biti 128, nikigusa baiti ya kwanza ya bloku zinabadilika baiti nne za mwanzo tu. Nimekosea wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Hapo kusogeza mistari hakufanyi kazi, karibu nna uhakika. Bloku ni baiti 16 kwenye jedwali la 4 kwa 4, na unalijaza kolamu kwa kolamu kushuka chini, sio kwa mstari. Ukigusa baiti moja, jedwali la kubadilishia linaigeuza yenyewe tu, mfano 53 inakuwa ed, halafu kuchanganya kolamu kunaisambaza kwenye kolamu yake yote, ndo hizo nne zako. Kuongeza ufunguo ni XOR, haihamishi kitu.

Sasa raundi ya pili ndo utamu ulipo, mstari wa pili unasogea kushoto hatua 1, wa tatu 2, wa nne 3, kwa hiyo zile nne zinatawanyika kila moja kolamu yake, zikichanganywa tena zote 16 zimeguswa. Bila kusogeza unabaki na visiwa vinne ambavyo havionani hata ukizungusha raundi zote 10, na mtu anaweza kushambulia kila kimoja peke yake.

Kosa la kawaida ni kuita fankisheni bila kupokea jibu lake:

```
shift_rows(s)      # inapotea
s = shift_rows(s)
```

Rekebisha, kisha chapisha jedwali kila raundi: ya kwanza tofauti 4, ya pili 16. Raundi ya 10 haichanganyi kolamu, usiiongezee.