Koo linalouma na yai lililomenywa: kwa wanaoanza kupika na kuuza chakula Kigoma

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya mama lishe na baba lishe hapa mjini, iwe ni Mwanga, Ujiji, karibu na stesheni au kule mwaloni Kibirizi nilikoanzia mimi, jambo ninaloandika leo ni moja tu. Ni koo linalouma likiambatana na homa, kwa mtu ambaye mikono yake inagusa chakula kilichokwisha kuiva. Kuhusu kuhara kila mmoja wenu ameshaonywa, na afisa afya akipita kibandani ndilo swali lake la kwanza, lakini koo huonekana kuwa shida ya mwenye koo peke yake. Hata mimi niliamini hivyo kwa miaka mingi, mpaka wiki ambayo nitawasimulia.

Wakati huo nilikuwa na binti wa kunisaidia, mchapakazi na msafi. Jumatano jioni alilalamika kwamba kumeza mate kunamuuma na mwili unachemka. Hakuwa na mafua wala kikohozi. Alisema ni malaria inamnyemelea, akameza dawa ya kutuliza maumivu, na Alhamisi alfajiri akawa wa kwanza kufika kazini. Kazi yake ya asubuhi ilikuwa ni kumenya mayai ya kuchemsha, trei mbili, yaani mayai 60, kisha kukata kachumbari. Aliyapanga mayai kwenye beseni, akalifunika kwa nailoni safi, nasi tukayauza tangu saa moja asubuhi hadi alasiri. Ijumaa jioni mbeba mizigo mmoja, mteja wangu wa kila siku, aliniambia kwamba koo lake limefunga ghafla. Kufikia Jumamosi mchana walikuwa watano, akiwamo fundi wa boti ambaye hakukaa kabisa kwenye benchi langu, bali alitumiwa mayai mawili na kachumbari akala akiwa kazini kwake. Waliokula ugali wa muhogo na mgebuka wa moto peke yake, nikiwauliza mmoja mmoja, hawakuwa na tatizo.

Hakuna aliyepimwa maabara, kwa hiyo sidai kwamba nina ushahidi wa kupeleka mbele ya hakimu. Hata hivyo, muuguzi wa zahanati aliyemwangalia yule binti kwa tochi alikuta mafindofindo yamevimba, mekundu, yana madoa meupe ya usaha, na tezi za chini ya taya zikimuuma zinapobonyezwa. Alitueleza kwamba koo la namna hiyo mara nyingi husababishwa na bakteria aitwaye streptokokasi wa kundi A, na kwamba bakteria huyo anaweza kupita kwenye chakula, jambo ambalo sikuwahi kulisikia.

Nilivyomwelewa, na nilivyojifunza baadaye, mambo huenda hivi. Mgonjwa akiongea, akikohoa au akigusa mdomo na pua, matone madogo ya mate yenye bakteria hubaki mikononi mwake au huanguka kwenye kile anachokiandaa. Chakula kikiwa bado kinachemka jikoni hakuna madhara, kwa sababu streptokokasi hufa kwa urahisi mbele ya moto. Hatari huanza pale chakula kinapotoka motoni na kuguswa tena. Yai lililomenywa ni mfano mbaya kuliko vyote: lina unyevu, lina lishe ambayo bakteria huipenda, limezungushwa lote kwenye viganja vya mtu, halafu hukaa saa nyingi kwenye joto letu la Kigoma, na halirudi motoni. Kachumbari nayo hukatwa mbichi na kuliwa mbichi. Mgonjwa anayekohoa kwenye daladala huwaambukiza walio karibu naye, mmoja leo na mwingine kesho, lakini beseni moja la mayai huwafikia watu wengi kwa siku moja. Ndiyo maana wateja huugua kwa mkupuo, mara nyingi siku moja hadi tatu baada ya kula.

Sasa, si kila koo linalokwaruza linahitaji kukufukuza kazini, na lazima mjue kutofautisha kwa kiasi ambacho mtu asiye tabibu anaweza. Koo linalokuja pamoja na mafua, kamasi, kikohozi na sauti kukauka kwa kawaida ni la virusi. Koo la streptokokasi huanza ghafla, huja na homa, kumeza huuma sana, shingo huwa na tezi zinazouma, na kikohozi kwa kawaida hakipo. Jiangalieni kwa kioo kwenye mwanga wa jua, mdomo wazi, ulimi chini. Dalili hizi haziaminiki kwa asilimia mia, kwani hata virusi huweza kuleta madoa meupe, na uhakika hutolewa na kipimo cha koo pale kinapopatikana. Kwa mpishi, hata hivyo, kanuni haisubiri uhakika: koo linauma na mwili una homa, basi usiguse chakula, sahani wala vijiko safi, na usikae mbele ya wateja, hadi umeonwa zahanati.

Hapa pana mtego wa kwetu sisi watu wa Kigoma. Homa yoyote tunaiita malaria, na mtu akishaiita malaria anajua kwamba malaria haiambukizwi kwa chakula, kwa hiyo anaendelea kumenya mayai kwa moyo mweupe. Pimeni malaria, ndiyo, kwa sababu ipo na inaua. Lakini malaria haileti usaha kooni, na mtu anaweza kukutwa na vijidudu vya malaria huku ana koo la bakteria vilevile. Mwambieni tabibu mambo yote mawili, kwamba mna homa na kwamba koo linauma, na mwambieni pia kwamba kazi yenu ni kuandaa chakula. Bila hivyo mtarudi na Mseto peke yake. Mtego wa pili ni parasetamo. Inashusha homa kwa saa chache, mtu anajiona mzima, lakini bakteria wako palepale. Homa iliyotulizwa kwa kidonge alfajiri ihesabiwe kuwa bado ipo.

Kurudi kazini kuna masharti yake. Tabibu akikuta ni koo la bakteria atakupa antibayotiki, mara nyingi penisilini au amoksilini ya siku 10, au sindano moja ya penisilini inayokaa mwilini muda mrefu. Mwambieni kama mliwahi kudhurika na dawa za jamii hiyo. Baada ya saa 24 tangu kuanza dawa sahihi, na homa ikiwa imetoka yenyewe bila parasetamo, mtu kwa kawaida haambukizi tena na anaweza kushika mwiko. Maana yake ni siku moja au mbili za kukaa nyumbani, siyo wiki nzima. Asiyetibiwa anaweza kuendelea kuambukiza kwa wiki kadhaa hata baada ya maumivu kupungua, na huyu ndiye anayenitia hofu zaidi, kwa sababu anaonekana mzima. Kununua kapsuli nne dukani na kuacha ukipata nafuu hakutoshi. Dozi imalizwe hata kama umesharudi kazini, kwa sababu streptokokasi asiyetibiwa vizuri anaweza baadaye kuleta homa ya baridi yabisi inayoharibu milango ya moyo, hasa kwa watoto wenye umri wa shule, na wengi wenu mnarudi jioni kulala chumba kimoja na watoto. Kama tabibu amesema ni virusi, antibayotiki haisaidii. Subirini homa ikatike kwa siku nzima ndipo mrudi. Na mkiona mtu hawezi kumeza hata mate, mdomo haufunguki, shingo imevimba upande mmoja au anapumua kwa shida, asisubiri zahanati ifunguliwe, apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Aliye na mafua bila homa anaweza kubaki kibandani, ila abadilishiwe kazi: achochee moto, achote maji, asugue masufuria ambayo yatapita kwenye maji ya moto kabla ya kutumika, akae mbali na kupakua na kukata. Avae barakoa inayofunika pua, na kila anapopenga kamasi au kukohoa anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kutoka kwenye ndoo yenye koki, akisugua kwa sekunde 20, hata katikati ya vidole. Beseni moja la maji ambalo kila mtu anachovya mikono halisafishi mtu. Kuonja mchuzi nako kufanywe hivi: mwiko umimine kidogo kwenye kijiko cha pembeni, uonje kwa kijiko hicho, kisha kiende kwenye vyombo vichafu. Mwiko uliogusa mdomo usirudi kwenye sufuria, mgonjwa au mzima.

Wapo watakaosema kwamba chakula kikiguswa na mgonjwa kichemshwe tena yaishe. Kwa streptokokasi moto unatosha, lakini puani na kooni mwa watu wengi hukaa pia bakteria mwingine, stafilokokasi, ambaye akiachwa kwenye chakula vuguvugu hutengeneza sumu isiyoharibiwa na kuchemsha. Mteja hutapika ndani ya saa chache. Chakula kilichoguswa na mgonjwa na kukaa nje ya moto kimwagwe.

Nabaki na suala la fedha, maana ndilo lililomleta yule binti kazini Alhamisi ile. Nilikuwa nalipa kwa siku. Asiyefika hapati kitu. Hakuja kwa ubaya, alikuwa anadaiwa kodi ya chumba, na kosa hilo nalihesabu kuwa langu kabla ya kuwa lake. Tangu hapo, msaidizi wangu akiwa na homa na koo anapata nusu ya posho kwa siku mbili akiwa nyumbani, mradi alete karatasi ya zahanati, na kila asubuhi kabla ya moto kuwashwa namwuliza kila mmoja kama koo linauma na kama amemeza dawa yoyote. Cheti cha kupima afya kilichobandikwa ukutani hakijibu swali hilo, kwa sababu kinasema ulivyokuwa siku uliyopimwa. Mnaoajiriwa, ulizeni mapema utaratibu wa siku za kuugua ni upi, kabla ya siku yenyewe kufika.

Na mayai siku hizi nayauza na maganda yake. Mteja ananawa kwenye ndoo ya koki, anamenya mwenyewe, na chumvi namwekea kwa kijiko pembeni ya sahani.