Ukienda kumpongeza kijana aliyefungua duka, mpelekee chenji

Ukisikia kijana wa kwenu anafungua duka, kabla hujatoka nyumbani angalia umebeba noti gani. Kama una elfu kumi tupu, pitia kwanza mahali ukaivunje. Nimeendesha duka la rejareja Temeke kwa miaka mingi, na funguzi za vijana nimehudhuria si haba. Nilichokiona mara nyingi ni kwamba wageni waliokuja kwa mapenzi mema ndio wanaommaliza mwenye duka chenji kabla hata jua halijawa kali.

Siku ya kwanza kila ndugu na rafiki anataka kumuunga mkono, basi ananunua kitu kidogo, mara nyingi soda, anatoa elfu kumi. Tuseme soda ni shilingi 800. Kwa mgeni mmoja tu droo inatoa 9,200. Wakija kumi wa namna hiyo, kijana ameuza 8,000 na ametakiwa kurudisha 92,000 za noti ndogo na sarafu. Wachache sana wanaofungua duka wakiwa na chenji ya kiasi hicho.

Mpwa wangu alipofungua duka lake Mbagala alikuwa amejipanga vizuri kuliko vijana wengi. Mchele, unga, sukari, mafuta ya kupima, sabuni za kipande, vyote vilikuwa mahali pake, na pembeni alitenga shilingi 60,000 kwa ajili ya chenji. Shangazi zake wakaja, wenzake wa kanisani wakaja, kila mmoja na elfu kumi yake. Walipofika sita droo ilikuwa imetoa 55,200, zimebaki 4,800. Na hapo ndipo mtaa ulipoanza kuamka. Akaja mtoto katumwa chumvi na noti ya elfu kumi. Mpwa wangu akamwambia, "Nenda duka la pale mbele wakuvunjie, kisha urudi." Mtoto akaenda, na huko huko akanunua chumvi akapita zake nyumbani.

Ukiwa umekaa nyuma ya kaunta unajua uzito wa jambo hili. Mtoto yule kesho atatumwa sukari, na miguu yake itakwenda pale alipopata chenji jana. Mama yake naye hana sababu ya kumwelekeza kwingine. Duka la zamani likikosa chenji mteja anavumilia, anasema "utanipa jioni", kwa kuwa wanajuana. Duka jipya halina huo uvumilivu wa watu. Ukimpa mteja mgeni pipi badala ya mia mbili yake, au ukamwambia aje baadaye, anaondoka akiamini umemla.

Ndiyo maana siku hizi dua yangu kwa kijana anayefungua duka ni moja tu, na naisema waziwazi. Mpwa wangu nilimwambia hivi: "Hongera sana mjomba, Mungu akufungulie riziki. Nakuombea droo yako isikose chenji, hasa asubuhi." Akacheka, akasema, "Amina mjomba, umejuaje?" Nikamkabidhi kopo. Ndani mlikuwa na sarafu za 500 kumi, za 200 kumi na tano, na za 100 ishirini. Jumla elfu kumi. Ni kiasi kile kile ambacho ningeweka kwenye bahasha, ila bahasha yenye noti moja isingemsaidia chochote asubuhi ile. Kama hali yako hairuhusu kutoa zawadi, mpelekee sarafu akupe noti yake mbadilishane. Nao ni msaada mkubwa, na hakuna aliyepoteza hata senti.

Kuzipata sarafu hizo si kazi ngumu ukianza siku mbili kabla. Makondakta wa daladala jioni wakimaliza kazi huwa nazo nyingi na wanafurahi kupata noti. Mama lishe na wauza maji vilevile. Vituoni wako pia watu wanaouza chenji, lakini hao wanakata chochote chao, kwa hiyo mimi nawaendea nikishakosa kwingine kote.

Baada ya hapo, kama kijana yuko tayari kukusikiliza, kaa naye jioni ya siku ile ile dakika chache mfunge hesabu pamoja. Jambo la kumwonyesha ni kutenga chenji ya kesho kabla ya kuhesabu mauzo. Vijana wengi wanafanya kinyume: wanakusanya zote, wanafurahia jumla, asubuhi wanakuta droo imejaa noti kubwa. Mpwa wangu tulimpangia 60,000 yake hivi: noti nne za elfu tano, nane za elfu mbili, kumi na nne za elfu moja, na elfu kumi iliyobaki iwe sarafu. Akiona jioni noti za elfu moja na elfu mbili zimepungua chini ya nusu, asilale kabla hajatafuta nyingine. Wateja wa alfajiri, wale wa mkate na sukari ya chai, ndio wanaokuja na noti kubwa, na saa hizo hakuna pa kukimbilia.

La pili ni malipo ya mzigo. Anayeleta mkate, anayeleta soda, na wa duka la jumla, wote walipwe kwa noti kubwa. Nimeona vijana wanawalipa wasambazaji kwa vile vielfu moja vilivyokunjana, kwa kuviona vinachafua droo. Vielfu hivyo ndivyo vitakavyomuuzia bidhaa kesho yake.

Wengine wataniambia siku hizi kuna lipa namba, chenji ya nini tena? Mwambie aweke, inasaidia sana kwa anayenunua vya elfu kumi na zaidi. Lakini mtoto aliyetumwa hana simu, na anayetaka kiberiti na chumvi kwa pamoja hataki kubonyeza namba ya siri kwa ajili ya shilingi 500. Duka la mtaani linaendeshwa na manunuzi ya namna hiyo. Kwa duka la nguo au la simu ningemwombea mengine, maana huko bei zinakwenda kwa maelfu na chenji ya mia mbili mbili haimsumbui mtu.

Kuhusu maneno ya pongezi yenyewe, yawe mafupi, na usiyachanganye na ombi. "Hongera, sasa tutakopa kwako" tunaisema kwa utani, lakini kijana mwenye duka la siku moja hajui kama ni utani, na anaanza kukuogopa. Ukiwa mbali mwandikie kitu kama hiki:

"Hongera sana mdogo wangu kwa kufungua duka. Mungu akubariki upate wateja waaminifu. Nakuombea usikose chenji asubuhi. Jumamosi napita kununua, nitakuja na sarafu, kama una noti ya elfu kumi niwekee tubadilishane."

Na Jumamosi uende kweli. Nenda saa za jioni duka likiwa limepoa kidogo, nunua kitu unachokihitaji nyumbani, lipa kamili, kisha muulize wiki hiyo amewarudisha wateja wangapi kwa kukosa chenji. Akikwambia wanafika watatu au wanne kwa siku, 60,000 haimtoshi. Aipandishe hadi 80,000, na nyongeza hiyo yote iwe ya elfu moja na elfu mbili.