Kununua kwa vipande, kuuza kwa vipande: nilichokikuta kwenye daftari langu

Kwa miaka miwili nilinunua hisa kwa vipande nikiamini najilinda. Theluthi ya kwanza chati ikinipa ishara, ya pili bei ikishuka kidogo, ya tatu ikishuka tena. Wastani wa bei yangu ulipendeza, ila faida haikuonekana. Jumamosi moja, nyumbani Umoja, nikafungua daftari la oda nikahesabu kumi za mwisho.

Namba nazilainisha hapa ili zifuatike. Hisa iko shilingi 20, lengo la chati ni 23, na ikigusa 18 nakata hasara. Nanunua 300 kwa 20, 300 kwa 19.50 na 300 kwa 19. Wastani ni 19.50, na ukiutazama peke yake unaona nimewashinda walionunua zote kwa 20.

Sasa fuata njia ya bei. Ili ifike 18, kwa kawaida itapitia 19.50 na 19. Kwa hiyo kila oda iliyoshindwa ilinikuta nimebeba hisa zote 900, nikapoteza 1,350. Zilizopaa bila kugeuka nyuma zilinikuta na 300 tu, faida 900. Katika zile kumi, tano zilishindwa, tatu zilipaa moja kwa moja, na mbili zilishuka hadi 19 kisha zikapanda, 3,150 kila moja. Ukitoa hasara, nilibaki na 2,250.

Ningenunua zote 900 kwa 20 ningebaki na 4,500. Utasema hapo ningehatarisha pesa zaidi, na ni kweli. Basi punguza ziwe 675, ili kila hasara iwe ile ile 1,350: bado unapata 3,375. Hilo liliniuma sana, maana bei nafuu nilikuwa nailipia kwa kukosa hisa siku za neema.

Kuuza nusu kabla ya lengo kuna hesabu yake pia. Chukua hisa 900 zilizonunuliwa kwa 20, uza 450 zikifika 21.50. Kila oda inayofika 23 itakupa 2,025 badala ya 2,700, yaani umeacha 675. Ila iliyogusa 21.50 kisha ikaporomoka hadi 18 itakugharimu 225 badala ya 1,800, umeokoa 1,575. Kwa ushindi tano na hasara tano, unahitaji angalau tatu kati ya zilizoshindwa ziwe zimegusa 21.50 kwanza. Zikiwa mbili, utalala vizuri usiku lakini wastani wako umeshuka, na hapo sijatoa ada ya wakala, inayokatwa kila unapouza.

Kwa hiyo nimeongeza safu moja daftarini. Kila oda ikishindwa naandika bei ya juu kabisa iliyofika kabla ya kuanguka. Usiuze nusu mapema kabla ya kuijaza safu hiyo kwa oda zako mwenyewe, thelathini hivi.