Kijani kimoja, si vijani vitano

"Nauza samaki ufukweni Dunga, Kisumu. Kila posti naweka kijani chetu, mbona ukurasa unaonekana kama wa watu watano?"

Dada, kijani chako unakichagua kwa macho, ndiyo maana kila siku kinabadilika. Fungua nembo, gusa rangi kwa kichagua rangi, unakili namba yake, tuseme #0B6E4F, kisha ubandike hiyohiyo kila mara. Maandishi meupe juu yake yanasomeka vizuri. Chungwa #F2A900 liwe utepe wa bei, maandishi yake meusi. Ukiandika kwa chungwa juu ya nyeupe, mteja aliye juani sokoni Kibuye hasomi kitu.

Fonti moja inatosha: Poppins nene kwa "Ngege wa leo", nyepesi kwa maelezo. Tengeneza violezo viwili vya pikseli 1080 x 1350, cha bei na cha tangazo. Nakili kiolezo kwanza, ndipo ubadilishe picha na maneno; nembo usiisogeze.

— Mimi naweka nembo kubwa tu, inatosha.

Ndugu, inasaidia, lakini mtu akipitisha kidole haraka huona rangi kabla ya nembo.

— Na picha za simu zenye mwanga wa njano?

Hapo bado nahangaika. Kupiga kivulini asubuhi kumenisaidia kiasi.