Mtoto akitupa jicho pembeni kabla ya kujibu

Mimi ni mshauri nasaha wa watoto. Nafanyia kazi Kirumba, hapa Mwanza, na watoto wangu kadhaa wako visiwani, kwa hiyo tunaonana kwa simu ya video. Huyu ninayemsimulia ni wa Ukerewe, ana miaka tisa. Mambo mengine nimeyabadilisha ili asitambulike. Aliletwa kwa sababu alikuwa halali usiku na ameanza tena kukojoa kitandani.

Kipindi cha kwanza kila swali alijibu "sina shida". Lakini kabla ya kujibu alikuwa anatupa jicho upande wa kushoto, palepale kila mara. Kisha akasema, "Hayo ni mambo ya kupita tu." Mtoto wa miaka tisa haongei hivyo. Nikajua kuna mtu mzima amekaa pembeni, nje ya kamera.

Sikumuumbua. Ukimuuliza mtoto "nani yuko hapo?" mbele ya huyo mtu, unamweka kati ya watu wawili anaowahitaji. Nilihamia kwenye michezo, nikamaliza mapema, na kesho yake nikampigia mama peke yake.

"Dada, naogopa ataongea mambo ya nyumbani halafu tuonekane wabaya," akaniambia. Hofu hiyo ni halali, na inafaa kuzungumzwa kabla mtoto hajawekwa mbele ya simu. Kosa lilikuwa langu, nilianza na mtoto. Siku hizi kikao cha kwanza ni cha mzazi. Namweleza kwamba nitamwambia jinsi ya kumsaidia mwanawe, ila maneno ya mtoto yanabaki kwetu, isipokuwa nikisikia kuna hatari kwake au kwa mwingine. Baadaye mtoto naye anayasikia hayohayo, mama akiwepo.

Tukapanga hivi. Dakika tano za mwanzo mama anakuwepo. Kisha anatoka, anakaa uani mahali anapomwona mwanawe dirishani lakini hamsikii, na redio inawekwa mlangoni ikiwa imefunguliwa. Dakika tano za mwisho anarudi, na mtoto ndiye anayechagua cha kumwambia.

Watu wengi hutegemea spika za masikioni. Zinaficha sauti yangu tu, ya mtoto inasikika nyumba nzima. Kwa hiyo maswali mazito nayauliza kwa namna ambayo jibu ni la mkono: vidole, mchoro ulioinuliwa mbele ya kamera, au idadi ya maharage anayoyapanga. Tulikubaliana pia kwamba akigusa sikio, nabadilisha mada mara moja bila kuuliza sababu.

Maharage yalitusaidia na umakini pia. Kwa umri huo sivuki nusu saa, na kila baada ya dakika tano au sita nabadilisha shughuli, moja ikiwa ya kuinuka: niletee kitu laini, niletee kitu cha baridi. Simu inabaki juu ya stuli, imeegemezwa kwenye ndoo ya maji, kwani akiishika mkononi ataanza kuichezea. Ile picha yake ndogo kwenye kioo naomba ifichwe, maana mtoto hujitazama mwenyewe badala ya kukutazama wewe.

Kipindi cha tatu nilimwomba apange maharage kwa kila anachokiogopa. Giza akaliwekea mawili. Mbwa, matatu. Kisha akachora mtumbwi, akahesabu tisa taratibu, akayasukuma juu yake kwa kidole kimoja. Hakusema neno.

Baba yake huvua dagaa. Uvuvi huo ni wa taa, hufanyika usiku usio na mwezi, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi hupumzika. Nikamwomba mama aandike kwenye kalenda kila siku anayokojoa kitandani. Mwezi ulipoisha, karibu alama zote zilikuwa kwenye siku za giza. Mtoto aliwahi kuuliza kama baba atazama, akaambiwa asitamke mabaya. Ndiyo maana mama akiwa pembeni ulimi ulikuwa mzito.

Mpango huu una mpaka wake. Ningehisi kwamba anayemwogopa ni mtu wa humo ndani, nisingemchimba kwa video mtu huyo akiwa hatua mbili tu. Ningehamishia jambo kwa ofisa ustawi wa jamii wa eneo lile, au namba 116, ambayo ni ya bure kwa masuala ya watoto. Ndiyo maana kila kikao naanza kwa kuuliza yuko wapi leo, na nina namba ya mtu mzima wa pili aliye karibu.

Kwa mtoto huyu haikufika huko. Dakika tano za mwisho za kipindi cha nne alimwonyesha mama mchoro wa mtumbwi na kumwambia mwenyewe. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema na yeye huwa halali. Sasa siku za giza baba hupiga simu alfajiri akishafika mwaloni, na anayepokea ni mtoto. Mara ya mwisho tulipohesabu, mtumbwi ulikuwa na maharage manne.